Kutaja ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu kwenye wasifu mfupi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu hapa Kigoma ni kuandaa vijitabu vya ratiba za semina na kurasa za kutambulisha wafanyakazi wa mashirika. Wasifu wa watu wengi hupita mezani kwangu kabla haujachapwa, na mara kwa mara mtu hunipigia pembeni kuniuliza: "Hili la afya yangu, niliandike au niliache?" Majibu yafuatayo ndiyo ninayowapa, pamoja na mfano mmoja niliouandika kwa urefu kwa idhini ya mwenyewe, baada ya kubadili mambo yanayoweza kumtambulisha.

Wasifu mfupi tunaouzungumzia ni upi?

Ni ile aya moja ya maneno kama 80 hadi 150 inayomweleza mtu kwa nafsi ya tatu. Inakaa chini ya picha yako kwenye tovuti ya ofisi, nyuma ya kijitabu cha semina, au anaisoma mshereheshaji kabla hujapewa kipaza sauti. Usiichanganye na wasifu kazi unaoambatanisha ukiomba ajira, wala na fomu ya afya ya kazini. Karatasi hizo zina mtu anayezipokea na kabati zinamohifadhiwa. Wasifu mfupi ukishatoka mkononi mwako, yeyote anaunakili, unapelekwa kwenye makundi ya wasapu, na mwaka unaofuata ofisi nyingine inauchukua ulivyo kwa shughuli ambayo hukuisikia. Karibu kila jibu nitakalotoa hapa chini linatokana na jambo hilo.

Je, nina wajibu wa kutaja?

Kwenye wasifu mfupi, hapana. Hakuna anayeweza kukudai sentensi hiyo.

Wengi huchanganya kwa sababu kuna mahali pengine ambapo kutaja kuna faida. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu au VVU, na kinga hiyo inamhusu hata anayeomba kazi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nayo huwahimiza waombaji wenye ulemavu kuomba, na huwataka waainishe ulemavu wao ndani ya mfumo wa maombi. Yote hayo hufanyika kwenye maombi na kwenye jalada la mtumishi. Afisa utumishi hahesabu ile asilimia 3 kwa kusoma kijitabu cha semina.

Usalama kazini nao una mahali pake. Ukiwa na kifafa na kazi yako ni ya kwenda vijiji vya mwambao kwa boti, msimamizi wako na wenzako wa safari wanapaswa kujua nini cha kufanya ukipatwa na degedege majini. Hilo ni mazungumzo ya ana kwa ana kabla ya kupanda boti. Sentensi iliyo kwenye tovuti haitamwokoa mtu ziwani.

Nianzie wapi kuamua?

Anza na msomaji wa shughuli hiyo moja, si na ugonjwa wako. Jiulize: mtu huyu anasoma aya hii ili aamue nini? Labda aamue kama akae kusikiliza mada yako, au kama akualike ukafundishe Tabora mwezi ujao, au kama akupe mkataba wa ushauri. Kisha jiulize kama sentensi kuhusu hali yako inamsaidia kuamua vizuri zaidi. Kama wewe ni mhasibu mwenye kisukari na unatambulishwa kwenye semina ya kodi, sentensi hiyo haina kazi pale. Kama wewe ni mhasibu mwenye kisukari na unazungumza na kikundi cha wagonjwa kuhusu namna ya kupanga fedha za dawa za mwezi, inayo kazi, tena kubwa.

Baada ya hapo fikiria maandishi yataishi wapi na kwa muda gani. Kinachosomwa ukumbini kwa sauti husahauliwa na wengi kufikia jioni. Kijitabu kilichochapwa hukaa kwenye mikoba ya watu. Faili la PDF lililorushwa kwenye kundi halirudi tena. Ukurasa wa tovuti utamfikia mtu atakayeandika jina lako kwenye Google miaka mitano ijayo, akiwemo mwajiri ambaye leo humjui. Sentensi ileile inaweza kufaa ukumbini na isifae kwenye tovuti, na ndiyo maana huwashauri watu wawe na matoleo mawili, si moja.

Mimi mwenyewe nasikia kwa sikio la kulia tu. Kwenye wasifu wangu wa kuongoza mijadala nimeandika hivyo, kwa sababu washiriki wakijua wanainua mkono badala ya kuniita kutoka upande nisiousikia. Kwenye wasifu wangu wa uhariri sijaandika, maana sikio langu halina uhusiano na nukta na mkato.

Naweza kuona mfano kamili?

Ndiyo. Bi. A. ni afisa lishe Kasulu, na anaishi na selimundu. Alialikwa kutoa mada Kigoma Mjini kuhusu ulishaji wa watoto wadogo, waandaaji wakamwomba wasifu wa maneno yasiyozidi 100. Aliniletea huu:

"Bi. A. ni mpambanaji aliyezaliwa na ugonjwa wa selimundu. Licha ya maumivu makali na kulazwa hospitalini mara nyingi, hakukata tamaa, bali alisoma hadi kupata shahada ya lishe. Leo ni afisa lishe na mfano wa kuigwa na vijana wengi."

Nilimwomba ausome kama vile ni wa mtu mwingine, halafu aniambie mtu huyo anajua nini kuhusu kulisha watoto. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Hapa hawajaandika." Na ni kweli. Aya nzima ina maumivu, hospitali na moyo wa kutokata tamaa. Mwandaaji anayetafuta mwezeshaji wa siku tatu, akisoma "kulazwa mara nyingi", swali linalomjia ni kama mtu huyu atafika. Hata mwenye nia njema hujiuliza hivyo, na Bi. A. hatakuwepo kumjibu.

Tukauliza: kwa mada hii, selimundu inamsaidia msikilizaji? Wasikilizaji walikuwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mada ilikuwa uji na milo ya watoto wa miezi 6 hadi 23. Haikuwa na kazi. Tukaandika upya:

"Bi. A. ni afisa lishe wilayani Kasulu, ambako anasimamia elimu ya ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23. Ana shahada ya lishe ya binadamu kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Huwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuandaa uji wa mtoto kwa mahindi, karanga na dagaa wa Ziwa Tanganyika, yaani vyakula ambavyo kaya nyingi za Kasulu zinavipata sokoni karibu na nyumbani. Anazungumza Kiswahili na Kiha."

Hilo ndilo toleo linalokaa kwenye tovuti na kwenye vijitabu. Halijaficha chochote ambacho msomaji wake alihitaji.

Miezi kadhaa baadaye aliitwa kwenye kikao kingine, cha wazazi wanaolea watoto wenye selimundu. Hapo mambo yaligeuka. Mzazi ambaye mwanawe amelazwa wiki iliyopita anataka kujua kama anayemwambia "mpe maji ya kutosha, usiache asidi ya foliki" anayajua maisha hayo au ameyasoma tu. Tukachukua aya ileile, tukaongeza sentensi moja kabla ya ile ya lugha:

"Anaishi na selimundu, na mengi anayowafundisha wazazi kuhusu maji ya kunywa, kujikinga na baridi na kutokosa asidi ya foliki ni utaratibu anaoufuata yeye mwenyewe kila siku."

Angalia mahali ilipokaa. Msomaji ameshajua cheo chake, chuo chake na anachofundisha. Sentensi inapofika haimwelezi mgonjwa aliyejitahidi, inaeleza ujuzi wake mwingine umetoka wapi. Na haitaji mara ngapi alilazwa, wala hospitali, wala dawa anazotumia. Hayo ni ya kliniki.

Ugonjwa wangu ni wa kurithi. Je, niwaulize ndugu?

Waulize, na waulize kabla hujatuma. Kwenye mfano wa Bi. A. hili lilichukua muda mrefu kuliko kuandika.

Mtu mwenye selimundu amerithi vinasaba viwili, kimoja amepewa na baba na kingine na mama. Kwa hiyo ukiandika "ninaishi na selimundu" umeshawatangaza wazazi wako wote wawili kwamba wanabeba kinasaba hicho, hata kama wenyewe hawajawahi kuumwa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mtoto wao ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa na ugonjwa, na 2 kati ya 4 ya kuwa mbebaji asiyeumwa. Kwa hiyo wadogo zako na kaka zako nao wamo ndani ya sentensi yako.

Kwetu huku posa haiendi bila watu kuuliza kuhusu ukoo. Mshenga hutumwa, shangazi huulizia, na siku hizi wapo wanaotafuta majina kwenye simu. Mdogo wake Bi. A. wa kiume alikuwa amepeleka barua ya posa. Bi. A. alikwenda nyumbani, akamsomea mama yake ile sentensi. Mama alimjibu, "Mwanangu, mimi sina shida, watu wa mtaani wananijua tangu unazaliwa. Muulize mdogo wako." Mdogo mtu alisema hana kipingamizi kwa kikao cha wazazi, ila aliomba isiandikwe kwenye karatasi mpaka yeye mwenyewe azungumze na mchumba wake, maana hakutaka binti wa watu alisikie kwa kupitia kijitabu. Wakakubaliana: sentensi isomwe ukumbini, isichapwe, isiwekwe mtandaoni.

Naona huo ulikuwa uamuzi wa haki. Mwili ni wako na neno la mwisho ni lako, lakini ndugu wana haki ya kupewa taarifa mapema. Na kwa mdogo mtu yule mazungumzo yalikuwa na faida nyingine: yeye na mchumba wake walikwenda kupima kabla ya ndoa, jambo ambalo kila familia yenye selimundu ingefaa kulifanya.

Kisukari au shinikizo la damu havina uzito huohuo, kwa kuwa havimfichui ndugu mmoja mmoja kwa namna hiyo. Ualbino, selimundu na baadhi ya magonjwa ya macho vinao.

Sentensi yenyewe niiandikeje?

Iandike kwa wakati uliopo, itaje hali kwa jina lake, na iunganishe na kazi ndani ya sentensi hiyohiyo. "Ana uoni hafifu, na huandaa masomo yake kwa maandishi makubwa na nukta nundu" ni sentensi ya mwalimu wa Tabora niliyemhariri, na inatosha kabisa. Msomaji anajua hali, anajua mwalimu anafanya nini nayo, na mwalimu mkuu mwenye wanafunzi wasioona anajua pa kuuliza.

Maneno ninayoyafuta mara nyingi zaidi ni "licha ya". Ukiandika "licha ya ulemavu wake ni mwalimu mahiri", umemwambia msomaji kwamba kwa kawaida mwenye ulemavu hatarajiwi kuwa mahiri. Nafuta pia "anasumbuliwa na", "ameshinda", "hakukata tamaa" na "wenzetu hawa". Na kama mtu amezoea kujiita "mlemavu" kwa kujiamini kwake, simbadilishii, ila nikiandika mimi kumhusu nitaandika "mtu mwenye ulemavu".

Viziwi wengi niliofanya nao kazi wanapenda kuanza na lugha: "Ni Kiziwi, na lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania." Hapo sentensi inabeba mambo mawili kwa pamoja, inamtambulisha mtu kwa jamii yake na inamkumbusha mwandaaji kutafuta mkalimani. Huyu naweza kumweka hata sentensi ya pili ya aya, kwa sababu lugha ni sehemu ya kazi yake kila anapofungua mdomo au kuinua mikono.

Ukimaliza, ifute sentensi hiyo kwa muda uisome aya bila yake. Aya iliyobaki ikikueleza vizuri kikazi, irudishe sentensi yako kwa amani. Aya ikiporomoka, yaani ikabaki jina na cheo tu, basi ulikuwa unaitumia hali yako kujaza nafasi ya kazi ambazo hujaziandika. Rudi ukaziandike kwanza.

Mahitaji yangu ya ukumbini niyaweke kwenye wasifu?

Usiweke. Yatume kwa mtu mmoja anayeandaa, kwa ujumbe mfupi, siku kadhaa kabla. Bi. A. hutuma huu:

"Habari za kazi. Nimethibitisha kushiriki Alhamisi. Naomba mambo matatu: nisipangwe kuketi chini ya kiyoyozi, maji ya kunywa yawepo mezani muda wote, na mada yangu iwe kabla ya saa sita mchana. Asante sana."

Ujumbe huo hauna jina la ugonjwa, na hauhitaji kuwa nalo. Baridi na kukaukiwa maji ni vitu vinavyoweza kumwamshia maumivu, na mada ya asubuhi inampa nafasi ya kupumzika kabla ya kurudi Kasulu. Mwandaaji anachohitaji kujua ni kiti, maji na saa. Mtu wa kiti mwendo aseme upana wa mlango na kama kuna ngazi, mwenye uoni hafifu aombe slaidi zitumwe mapema. Ukiyaweka haya kwenye wasifu, mshereheshaji atayasoma kwa sauti mbele ya watu 60, na anayehusika na viti hatakuwa anasikiliza.

Ulemavu wangu unaonekana. Kuna haja ya kuandika kitu?

Mara nyingi hakuna. Picha imeshasema, na wewe una maneno 100 tu ya kueleza usichoonekana nacho. Wapo wanaotaka kutaja kwa sababu hawataki watu wajifanye hawaoni. Hiyo ni sababu nzuri, na kanuni ya sentensi moja inabaki ileile.

Kwa mwenye ualbino katika mikoa yetu naongeza jambo moja, na nalisema kwa uzito. Tunakumbuka mashambulizi ya miaka ile, na tunakumbuka watoto waliopelekwa kukaa Kabanga, Kasulu, kwa ajili ya usalama wao. Kwenye wasifu wenye picha yako usiandike mtaa au kijiji unachoishi, usiweke namba yako ya simu, na usikubali ratiba inayoonyesha utalala nyumba gani ya wageni. Weka barua pepe ya ofisi na jina la wilaya unayofanyia kazi, tena kama hata wilaya inakutia wasiwasi, andika mkoa. Ofisi ikishangaa, waeleze sababu. Wengi huelewa mara moja.

Ofisi imeniandikia wasifu na kutaja hali yangu bila kuniuliza. Nifanyeje?

Hili hutokea sana kwenye mashirika yanayotaka kuwaonyesha wafadhili kwamba yameajiri watu wa aina zote. Unafungua ukurasa unakuta mhasibu ameandikwa miaka yake ya uzoefu, dereva ameandikwa safari zake, na wewe umeandikwa mguu wako.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na inataka idhini yako ya maandishi kabla hazijatumika. Mdomo wa "si tunajuana" hautoshi. Lakini usianze na sheria. Anza kwa kuandika aya mpya iliyokamilika, uitume kwa anayesimamia tovuti, nakala kwa afisa utumishi, ukisema: "Naomba wasifu wangu ubadilishwe uwe huu." Ukiomba wafute sentensi moja tu, unaifanya sentensi hiyo izungumzwe ofisi nzima. Ukibadilisha aya yote, ni kazi ya kawaida ya kusasisha. Wakikataa au wakikuzungusha, ndipo utaje sheria kwa maandishi. Ukibaki bila jibu, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko.

Vipi kuhusu VVU, au ugonjwa wa akili, au hali inayopanda na kushuka?

Kwa VVU, sheria ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu yako, na hakuna mtu mwingine mwenye haki ya kukutaja. Waelimishaji rika wengi hujitaja kwa hiari kwa sababu ndiyo kazi yao yenyewe, na wanafanya vizuri. Ila kumbuka mwenza wako na watoto wako wanasomwa pamoja nawe, kama ndugu wa Bi. A.

Kwa hali inayopanda na kushuka, ikiwemo sonona, ushauri wangu ni kutoandika ukiwa ndani ya kipindi kigumu, wala siku ya kwanza unapojisikia umepona kabisa. Siku hizo zote mbili tunaandika zaidi ya tulichokusudia. Subiri hali itulie, kisha uisome tena.

Nimeshaandika, sasa nimebadili mawazo. Inawezekana kuondoa?

Kwenye tovuti ya ofisi na kurasa zako mwenyewe, inawezekana. Google itaendelea kuonyesha maneno ya zamani kwa muda mpaka ipitie ukurasa upya, kwa hiyo usihofu ukiyakuta wiki hiyohiyo. Kwenye vijitabu vilivyochapwa na mafaili yaliyokwisha kurushwa kwenye makundi, haiwezekani. Unachoweza ni kuwatumia toleo jipya wale wanaokualika mara kwa mara, na kuweka tarehe chini ya aya, kwa mfano "toleo la Machi 2025", ili ofisi isije ikachukua la zamani kwa kutojua.

Mshereheshaji huongeza maneno yake. Namzuiaje?

Mpe aya iliyochapwa kwa herufi kubwa dakika 10 kabla ya kikao, si kwenye simu, na umwambie, "Kaka, naomba usome kama ilivyo, nimeipima kwa maneno." Kama kuna sentensi kuhusu hali yako, mwonyeshe kwa kidole ilipo, mtamkie jina la ugonjwa, kwa sababu anayebabaika kwenye neno ndiye huziba pengo kwa "dada yetu huyu mgonjwa lakini jasiri". Kama toleo lako la siku hiyo halina sentensi hiyo na unajua yeye anaijua hali yako, mwambie wazi kwamba leo hutaki itajwe. Akiiongeza hata hivyo, usimjibu kwenye kipaza sauti. Salimia, taja mada yako, ingia kwenye slaidi ya kwanza, na baada ya kikao zungumza naye na mwandaaji pamoja.